Hundi Zilizo Njiani: Kupatanisha Daftari la Duka na Taarifa ya Benki

Ndugu wenye maduka, na ndugu wanakamati wa maduka ya vikundi, leo tunazungumza juu ya karatasi mbili ambazo kila mwisho wa mwezi hazipatani. Karatasi ya kwanza ni daftari la fedha la duka, ule ukurasa tunaoandika fedha zetu zilizoko benki. Karatasi ya pili ni taarifa ya benki. Daftari linasema duka lina kiasi fulani. Benki inasema duka lina kiasi kingine. Sasa watu wanaanza kutazamana. Je, nani anasema kweli?

Mara nyingi wote wawili wanasema kweli, ila wanasema kweli ya siku mbalimbali. Sisi tunaandika hundi katika daftari siku ile ile tunapoitia sahihi. Benki haijui habari hiyo. Benki itaiandika hundi yetu siku itakapofika mezani kwake. Kati ya siku yetu na siku ya benki, hundi iko njiani. Kama mwezi utaisha hundi ikiwa bado njiani, vitabu viwili haviwezi kuwa sawa. Kazi yetu ni kuzitafuta hundi hizo, moja moja, mpaka kila shilingi ya tofauti ipate jina lake.

Tuchukue duka moja la mfano. Tumelitunga sisi, lakini siku na tarehe ni za kweli, za mwezi wa Machi 2024. Duka hili ni la kikundi, liko kandokando ya barabara kuu ya Arusha kwenda Moshi, karibu na Tengeru. Linauza unga, sukari, mafuta ya kula, sabuni na vitu vidogo vidogo. Siku ya Jumatano na Jumamosi, siku za soko la Tengeru, wateja ni wengi. Wengi hulipa taslimu au kwa simu. Lakini shule moja ya bweni hulipa kwa hundi, na duka lenyewe humlipa kwa hundi mwenye duka la jumla wa mjini Arusha.

Mwisho wa Machi mama mweka hazina alipiga mstari katika daftari. Salio la benki lilikuwa Sh. 1,846,000. Kisha akaenda mjini kuchukua taarifa ya benki. Taarifa ilisema: salio tarehe 31 Machi, Sh. 2,133,000. Benki ilikuwa juu kwa Sh. 287,000.

Mwenyekiti alipoona hivyo alifurahi. Akasema, "Mama, basi fedha zipo! Tuandike hundi ya milioni mbili, tulete sukari na mafuta kabla mvua hazijaharibu barabara." Mama mweka hazina akamjibu, "Mzee, ngoja kwanza. Nipe jioni moja nizipatanishe hesabu hizi."

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Tuone jinsi alivyoitumia jioni hiyo.

Kwanza tujue hundi inasafiri vipi. Hundi ni karatasi ya kuiagiza benki yetu imlipe mtu. Ukimpa mwenye duka la jumla hundi, bado hujamlipa fedha, umempa agizo. Yeye ataipeleka kwenye benki yake. Kama benki yake ni ile ile yetu, kazi ni fupi. Kama ni benki nyingine, lazima benki yake iidai benki yetu.

Zamani jambo hili halikusumbua sana. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, mabenki yalitaifishwa, ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara, yaani NBC. Kwa miaka mingi hundi nyingi zilitoka NBC zikarudi NBC. Mwaka 1991 sheria iliruhusu mabenki binafsi, na mwaka 1997 NBC yenyewe iligawanywa, ikazaliwa na NMB. Leo mjini Arusha kuna mabenki mengi, na hundi ya huyu inaishia kwa yule. Makarani walikuwa wakikutana na kubadilishana hundi za karatasi mkono kwa mkono. Tangu mwaka 2015 Benki Kuu ya Tanzania ina mtambo wa kazi hiyo. Siku hizi inapita picha ya hundi, karatasi yenyewe inabaki kwenye benki iliyopokelewa. Kwa kawaida fedha hupatikana siku ya kazi inayofuata.

Basi mtu atauliza: kama ni siku moja tu, kwa nini hundi zinakaa njiani mpaka mwisho wa mwezi? Jibu ni kwamba mtambo hauhesabu siku ambazo hundi imelala katika mfuko wa koti. Mwenye duka la jumla anaweza kukaa na hundi yako wiki nzima mpaka apate nafasi ya kwenda benki. Tena zipo sikukuu. Mwaka 2024 Ijumaa Kuu ilikuwa tarehe 29 Machi, na Jumatatu ya Pasaka ilikuwa tarehe 1 Aprili. Mwisho wa mwezi uliangukia katikati ya sikukuu. Hundi iliyopelekwa benki Alhamisi jioni, tarehe 28, siku yake ya kazi inayofuata ilikuwa Jumanne, tarehe 2 Aprili, mwezi mwingine kabisa.

Haya, sasa turudi kwa mama mweka hazina. Juu ya meza aliweka vitu vinne: daftari la fedha, taarifa ya benki, kitabu cha hundi chenye vishina vyake, na ile karatasi ya mapatano ya mwezi wa Februari. Akachukua penseli. Kalamu ya wino aliiacha kando, kwa sababu kazi hii ina kufutafuta.

Taarifa yenyewe iwe kamili, yenye mistari yote kuanzia tarehe 1 mpaka tarehe 31. Ile taarifa fupi inayokuja kwenye simu huonyesha miamala michache ya mwisho tu, haitoshi. Tena kuna jambo moja linalowachanganya wengi katika taarifa ya benki. Fedha zetu zilizoingia benki zimeandikwa upande wa krediti, na zilizotoka zimeandikwa upande wa debiti. Katika daftari letu ni kinyume. Si kosa. Taarifa ile ni nakala ya kitabu cha benki wenyewe, na kwao fedha zetu ni deni wanalodaiwa na sisi. Ukiisoma, jiulize tu: mstari huu uliongeza salio au ulipunguza? Hutapotea.

Mama mweka hazina hakuanza na Machi. Alianza na karatasi ya Februari, kwa sababu hundi zilizokuwa njiani mwisho wa Februari ndizo zilizotakiwa kufika benki mwezi wa Machi. Zilikuwa mbili. Moja aliiona katika taarifa, tarehe 5 Machi, akaitia alama ya vema. Ya pili hakuiona. Ilikuwa hundi namba 000197 ya Sh. 45,000, aliyopewa fundi seremala tarehe 3 Novemba 2023 kwa kutengeneza rafu. Bado iko njiani! Akaiandika pembeni.

Halafu akaingia katika Machi. Alisoma mstari mmoja wa daftari, akautafuta katika taarifa. Ukionekana, vema kwenye daftari na vema kwenye taarifa. Hundi alizitafuta kwa namba, kisha akaangalia kiasi. Hii ni muhimu. Mtu anayetafuta kwa kiasi peke yake ataona hundi mbili za Sh. 150,000, atie vema kwenye ile ambayo siyo, na hundi iliyoko njiani itafichika nyuma ya mwenzake.

Alipofika chini, katika daftari ilibaki mistari mitatu isiyo na alama. Miwili ilikuwa ya hundi zilizotoka. Namba 000214 ya Sh. 620,000, aliyopewa mwenye duka la jumla tarehe 26 Machi. Namba 000216 ya Sh. 150,000, kodi ya chumba cha duka, aliyopewa mwenye nyumba tarehe 28 Machi. Mstari wa tatu ulikuwa wa fedha zilizoingia: hundi ya shule, Sh. 380,000, iliyopelekwa benki Alhamisi ile ile ya tarehe 28, jioni.

Katika taarifa nako ilibaki mistari miwili bila alama. Mmoja ulikuwa ada ya benki, Sh. 8,000. Wa pili ulimshtua. Tarehe 18 Machi benki ilikuwa imetoa Sh. 140,000. Alipochunguza aliona ni hundi ya mteja mmoja mwenye mgahawa. Hundi hiyo ilipelekwa benki tarehe 14, ikarudishwa. Akaunti ya mteja haikuwa na fedha za kutosha. Daftari la duka lilikuwa bado linazihesabu Sh. 140,000 kama fedha zilizoko benki, na mteja ameonekana amelipa. Kumbe hajalipa.

Ndugu wasomaji, tuitenganishe mistari hii mitano katika mafungu mawili, kwa sababu hapa ndipo wengi hukosea. Fungu la kwanza ni mambo ambayo sisi tunayajua na benki bado: hundi zilizo njiani. Katika haya, daftari liko sawa. Usiliguse. Benki itatufuata yenyewe siku zikifika. Fungu la pili ni mambo ambayo benki inayajua na sisi hatukuyajua: ada, na hundi iliyorudishwa. Katika haya, daftari limechelewa, na lazima liandikwe leo.

Kwa hiyo mama mweka hazina aliandika katika daftari, upande wa malipo, ada Sh. 8,000, na hundi iliyorudishwa Sh. 140,000. Jumla Sh. 148,000. Salio lake la 1,846,000 likawa 1,698,000. Tena akafungua daftari la madeni, akamrudisha mwenye mgahawa katika orodha ya wadaiwa. Asingefanya hivyo, duka lingepoteza Sh. 140,000 bila mtu yeyote kuiba, kwa kusahau kudai tu.

Kisha akachukua karatasi safi, akaandika hivi:

Salio la taarifa ya benki, 31 Machi 2024: Sh. 2,133,000
Ongeza: hundi ya shule iliyopelekwa benki tarehe 28 Machi, bado haijaingia: Sh. 380,000
Jumla: Sh. 2,513,000
Toa: hundi tulizotoa, bado hazijafika benki:
Namba 000197, fundi seremala: Sh. 45,000
Namba 000214, duka la jumla: Sh. 620,000
Namba 000216, kodi ya chumba: Sh. 150,000
Jumla ya kutoa: Sh. 815,000
Salio la kweli: Sh. 1,698,000

Salio la daftari baada ya kusahihishwa: Sh. 1,698,000

Yamekutana. Akaweka tarehe na sahihi yake.

Kumbuka mwelekeo. Hundi tulizotoa tunazitoa katika salio la benki, kwa kuwa benki bado inatuhesabia fedha ambazo tumekwisha kuwapa wengine. Hundi tulizopeleka tunaziongeza, kwa kuwa ni zetu ila hazijaandikwa. Ukigeuza moja, karatasi haitakubali. Kwa mfano, kama angeongeza ile kodi ya Sh. 150,000 badala ya kuitoa, karatasi ingekosa kwa Sh. 300,000, yaani mara mbili yake. Ndiyo maana watunza hesabu hesabu zikikataa huigawa tofauti kwa mbili, wakatafuta kiasi hicho. Hila nyingine ni kuigawa tofauti kwa 9. Ikigawanyika bila kubaki kitu, huenda tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. Mtu aliandika 46,000 badala ya 64,000. Tofauti ni 18,000, na 18,000 kwa 9 ni 2,000 kamili. Hila hizi hazithibitishi kosa, zinakuonyesha pa kuanzia kutafuta.

Sasa turudi kwa mzee mwenyekiti na zile milioni mbili zake. Tuseme mama mweka hazina hakuomba ile jioni moja. Hundi ya Sh. 2,000,000 inaandikwa, na Jumanne tarehe 2 Aprili inalipwa benki. Linabaki salio la Sh. 133,000. Hundi ya shule inaiva, zinaongezeka 380,000, zinakuwa Sh. 513,000. Siku hiyo hiyo au kesho yake mwenye duka la jumla, aliyekuwa amefunga kwa Pasaka, anaipeleka hundi yake ya Sh. 620,000. Fedha hazitoshi. Hundi inarudi. Benki inakata ada ya kurudisha hundi. Na yule mtu wa Arusha aliyekuwa akituamini, safari ijayo atasema, "Ndugu zangu, njooni na taslimu." Tazama sasa, duka halikuwa maskini. Lilikuwa na Sh. 1,698,000 zake halali. Lilivunjika heshima kwa kutumia fedha ambazo zilikuwa zimekwisha kuwa za mwingine.

Hata hizo 1,698,000 zisitumike zote siku hiyo. Ndani yake mna zile 380,000 za shule, na hundi ya shule inaweza nayo kurudi kama ilivyorudi ile ya mgahawa. Mpaka iive, mwenye busara anaziacha. Yako mabenki ambayo huandika hundi katika taarifa siku ile ile unapoileta, lakini fedha zake hufungwa mpaka jibu litoke. Kwa hiyo usiitazame namba ya salio tu, uliza dirishani ni kiasi gani unaweza kukitoa leo.

Kuna watu husema, "Karatasi imekutana, basi kazi imekwisha." Hapana. Neno "njiani" ni mlango, na mlango huweza kupitisha mwizi. Tuseme mtu ametumwa kupeleka benki taslimu Sh. 380,000 na hakuzipeleka. Daftari limeandikwa "zimepelekwa". Mwisho wa mwezi karatasi inapoandikwa, anasema, "Zipo njiani," na hesabu zinakutana vizuri kabisa. Mwezi ujao anachukua mauzo mapya, anaziba lile pengo la kwanza, na pengo jipya analiita njiani. Anaweza kwenda hivyo miezi mingi.

Tutamjuaje? Kwa tarehe. Chukua taarifa ya benki ya siku za mwanzo za mwezi unaofuata. Kila fedha iliyoitwa njiani tarehe 31 lazima ionekane pale, kwa kiasi kile kile, katika siku chache za kazi. Hundi ya shule katika mfano wetu ilitakiwa kuonekana tarehe 2 au 3 Aprili. Ikifika tarehe 9 haijaonekana, usikubali maneno. Omba karatasi ya kuwekea fedha yenye muhuri wa benki. Soma tarehe iliyo kwenye muhuri, siyo tarehe aliyoandika mtu kwa mkono.

Na juu ya taslimu tuwe wakali zaidi. Fedha taslimu zikihesabiwa dirishani huandikwa siku ile ile. Taslimu hazingoji mtambo wa Benki Kuu. Kwa hiyo katika karatasi ya mwisho wa mwezi, taslimu zilizo njiani ni jambo la ajabu. Inawezekana zilitoka dukani Jumapili jioni baada ya benki kufunga, hilo tutalielewa. Lakini kama mwezi wa kwanza ziko njiani, mwezi wa pili ziko njiani, kamati iketi.

Kwa sababu hiyo pia, anayepeleka fedha benki asiwe ndiye pekee anayeandika karatasi hii. Kwenye kikundi chenye watu watatu wanaojua kusoma hesabu, mmoja apeleke fedha, mwingine apatanishe. Duka la mtu mmoja na mkewe, basi mume akiandika, mke azitie vema upya. Hatusemi watu hawaaminiani. Mtu aliyeandika 46,000 jana, leo akisoma tena ataona 46,000 hiyo hiyo. Macho mapya ndiyo yataona kwamba kishina kinasema 64,000.

Sasa lile la fundi seremala. Hundi yake ya Sh. 45,000 imekaa karatasi baada ya karatasi, Novemba, Desemba, Januari, Februari, na Machi. Hundi haikai na nguvu milele. Desturi ya mabenki ni kuikataa hundi iliyopita miezi sita tangu tarehe iliyoandikwa juu yake. Ya fundi ingechakaa mwanzoni mwa Mei 2024. Wengine wakiona hundi imechakaa huifuta kwenye orodha, wakairudisha ile 45,000 katika salio, wakafurahi kama wameokota. Lakini rafu zipo ukutani, na fundi hajalipwa. Ikichakaa, andika Sh. 45,000 upande wa fedha zilizoingia, salio lipande, na wakati huo huo mwandike fundi katika orodha ya watu tunaowadai sisi? La, katika orodha ya watu wanaotudai. Angalia sana usigeuze.

Kabla ya kufika huko, ni vizuri kumtafuta mtu mwenyewe. Huenda hundi imepotea. Ikiwa imepotea, usikimbilie kumwandikia nyingine. Kwanza nenda benki ukaandike barua ya kuzuia malipo ya hundi namba 000197, uitaje namba, tarehe, kiasi na jina. Ukishapata uthibitisho wa benki, ndipo uandike mpya. Ukiandika mpya kwanza, na ile ya zamani ikaokotwa na mtu akaifikisha benki, umelipa rafu mara mbili.

Jambo la mwisho ni hundi yenye tarehe ya mbele. Mteja anakuja tarehe 28 Machi na hundi iliyoandikwa tarehe 15 Aprili, anasema, "Ikifika siku hiyo peleka." Hiyo si hundi iliyo njiani. Ni ahadi iliyo kwenye droo. Usiiandike katika salio la benki la Machi, wala usiiongeze kwenye karatasi ya mapatano. Mteja abaki katika daftari la madeni mpaka tarehe 15, siku utakayoipeleka.

Turudi dukani tumalize. Tarehe 9 Aprili mama mweka hazina alichukua tena taarifa, ya siku zile tisa tu. Akaitandika kando ya karatasi yake ya Machi. Hundi ya shule imeingia tarehe 3, Sh. 380,000. Vema. Namba 000214 imelipwa tarehe 4. Vema. Namba 000216 imelipwa tarehe 5. Vema. Mwenye mgahawa alikuwa ameleta taslimu Sh. 100,000, akabakiwa na deni la Sh. 40,000. Ikabaki namba 000197 peke yake. Mama akamtuma kijana kwa fundi seremala. Kijana akarudi jioni na hundi yenyewe mkononi, imekunjwa mara nne, imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Fundi alikuwa ameitunza ndani ya sanduku la misumari, akingoja siku atakapokuwa na nauli na nafasi ya kwenda mjini. Mama akaichana namba ya hundi, akaigundisha kwenye kishina chake, akaandika juu yake "IMEFUTWA". Katika daftari akairudisha Sh. 45,000 kwenye salio la benki, kisha akamlipa fundi Sh. 45,000 taslimu kutoka katika kasha la duka, naye akatia sahihi kwenye stakabadhi.